Semafori ya moja, muteksi, na swali la nani ameshika

"Naongoza timu ndogo ya waandishi wa programu hapa Mombasa. Tuna programu ya C kwenye Linux inayopokea uzito wa malori kutoka mizani mbili na kuuhifadhi kwenye hifadhidata. Kijana aliyejiunga nasi mwaka huu ameondoa muteksi zote, yale makufuli yanayoruhusu mmoja tu kugusa data kwa wakati, akaweka semafori zinazoanza na 1. Anasema ni kitu kimoja, ni majina tu yanayotofautiana, na majaribio yote yamepita. Moyo wangu haukubali lakini sina hoja ya kumwonyesha. Je, yuko sahihi?"

Ndugu yangu, kijana hayuko sahihi, ila maneno yake hakuyaokota njiani. Nitaanza na upande wake, maana ukimwambia tu kwamba amekosea atakuletea ushahidi, na ushahidi anao.

Semafori ilibuniwa na Edsger Dijkstra, Mholanzi, mwanzoni mwa miaka ya 1960. Ni namba isiyoshuka chini ya sifuri, pamoja na foleni ya wanaosubiri. Uzi wa programu, yaani mfululizo mmoja wa kazi kati ya kadhaa zinazokwenda kwa pamoja, ukiita `sem_wait`, namba inapungua kwa moja, na ikiwa tayari ni sifuri uzi huo unalala. Uzi ukiita `sem_post`, namba inaongezeka kwa moja, na kama kuna aliyelala, mmoja anaamshwa. Ukiianzisha semafori na 1, wa kwanza anaingia, namba inakuwa sifuri, na wengine wanangoja mpaka airudishe. Dijkstra mwenyewe aliitumia hivyo. Katika maelezo ya mfumo endeshi wa THE aliyoyachapisha mwaka 1968, semafori inayoanza na 1 kwa ajili ya kazi hii aliipa jina `mutex`. Hata kiini cha Linux kilikuwa kikijilinda kwa semafori sehemu nyingi, mpaka toleo la 2.6.16 la mwaka 2006 lilipoleta muteksi inayojitegemea. Na kama kijana wenu amejifunzia Python, basi kosa lake linaeleweka zaidi, kwa sababu `threading.Lock` ya Python inaweza kufunguliwa na uzi wowote, hata ambao haukuifunga.

Kwa hiyo mkubalie hili: kila uzi ukiingia kwa utaratibu na kutoka kwa utaratibu, semafori ya moja na muteksi zinafanya kazi ileile, na hakuna jaribio litakalozitofautisha. Ndiyo sababu majaribio yenu yamepita. Yalipima siku ambayo kila mtu ana adabu.

Tofauti yenyewe ni moja tu, na mengine yote yanatoka humo. Muteksi ina mwenyewe, semafori haina. Uzi ukifunga muteksi, muteksi ni yake, na kwa mujibu wa kanuni ni uzi huohuo peke yake unaoruhusiwa kuifungua. Semafori haijui ni nani aliyepunguza namba na haitauliza ni nani anayeiongeza. Jina lake linatokana na zile nguzo za reli zenye mkono wa chuma unaoinuka na kushuka. Mkono ule hausogezwi na dereva wa treni, unasogezwa na mtu wa stesheni. Treni inatii tu. Semafori ni ishara ya namna hiyo, na mtu yeyote anaweza kuwa mtu wa stesheni.

Hapo kijana atasema, "Sawa, haina mwenyewe, lakini sisi tutakuwa waangalifu." Basi mwonyeshe kisa hiki. Nilikiona mwenyewe kwenye yadi moja ya makontena upande wa Miritini, na mfumo wake ulifanana mno na wenu.

Palikuwa na mizani mbili, kila moja ikituma usomaji wa uzito mara kumi kwa sekunde. Nyuzi mbili zilipokea, moja kwa kila mizani, na zote ziliweka usomaji kwenye foleni moja ya nafasi 64. Uzi wa tatu ulikuwa ukiamka kila usomaji unapoingia, unachukua vyote vilivyomo, unarudisha `jumla` kuwa sifuri, kisha unakwenda kuandika kwenye hifadhidata. Kila rekodi ilibeba namba ya mizani na uzito tu, saa iliwekwa wakati wa kuhifadhi. Uzito wa lori ulikuwa ule usomaji wa juu kabisa uliopatikana lori likiwa juu ya mizani. Semafori ya moja ndiyo iliyolinda foleni, hivi:

```c
int weka(struct rekodi *r)
{
    int jibu = 0;
    sem_wait(&s);
    if (jumla == 64) {
        sem_post(&s);
        jibu = -1;
        goto mwisho;
    }
    foleni[jumla] = *r;
    jumla++;
mwisho:
    sem_post(&s);
    return jibu;
}
```

Usome msimbo huu pamoja na kijana bila kumwambia kitu, uone kama atagundua. Foleni ikiwa na nafasi, `sem_wait` ni moja na `sem_post` ni moja. Foleni ikijaa, `sem_wait` ni moja lakini `sem_post` ni mbili, moja ndani ya `if` na nyingine baada ya `mwisho`. Aliyeandika aliongeza ile ya kwanza kwa hofu ya kusahau kufungua, na kosa kama hilo limewahi kunipata hata mimi.

Sasa tufuate namba. Foleni haikuwa ikijaa ofisini, kwa sababu hifadhidata ya majaribio ilikuwa kwenye kompyuta ileile na uzi wa tatu ulirudi mara moja. Kule yadini hifadhidata ilikuwa ng'ambo ya mtandao. Mizani mbili zinatuma usomaji 20 kwa sekunde, kwa hiyo mtandao ukisuasua kwa zaidi ya sekunde tatu, nafasi 64 zinajaa. Siku ya kwanza ilipotokea, uzi wa mizani ya kwanza uliingia, semafori ikawa sifuri, ukakuta foleni imejaa, ukaongeza moja, ukaongeza moja tena. Semafori ikawa 2. Mtandao ukarudi, foleni ikaisha, kila kitu kikaonekana kimetulia.

Lakini semafori ilibaki 2. Hakuna kitu katika programu ile ambacho kingeirudisha kuwa 1. Kuanzia sekunde ile nyuzi mbili ziliweza kuwa ndani kwa pamoja, na kila foleni ilipojaa tena namba ilipanda tena.

Tazama nyuzi mbili zikikutana. `jumla` ni 0. Uzi wa kwanza unaandika usomaji wake kwenye `foleni[0]`, na kabla haujaongeza `jumla`, uzi wa pili unaisoma `jumla`, unaiona bado ni 0, nao unaandika palepale `foleni[0]`. Usomaji wa kwanza umefutika. Kisha kila mmoja anaongeza moja, `jumla` inakuwa 2. Uzi wa tatu unakuja, unaambiwa kuna rekodi mbili, unachukua `foleni[0]` na `foleni[1]`. Lakini `foleni[1]` hakuna aliyeiandika safari hii. Ndani yake kuna usomaji uliobaki tangu mara ya mwisho nafasi ile ilipotumika, labda dakika kumi zilizopita, wakati lori lililojaa lilipokuwa juu ya mizani. Sasa usomaji ule unapewa saa ya sasa na kuandikwa kwa lori lililopo sasa, ambalo pengine ni tupu. Na kwa kuwa mfumo unachukua usomaji wa juu kabisa, lori tupu linatoka getini na uzito wa lori lililojaa.

Hicho ndicho madereva walichokuwa wakikigombania pale getini. Wahasibu walisema mizani imeharibika. Fundi wa mizani aliitwa, akapima, akaikuta nzima, akaitwa tena. Dirisha la nyuzi mbili kukutana ni dogo sana, chini ya sehemu ya milioni ya sekunde, lakini kwa siku ya saa kumi foleni inaandikwa mara 720,000, na dirisha dogo likifunguliwa mara nyingi kiasi hicho kuna siku mtu atapita.

Kuna jambo baya zaidi hapo, nalo halionekani kwa haraka. Ukaguzi ni `jumla == 64`. Nyuzi mbili zikiwa ndani pamoja na `jumla` ikiwa 63, zote zinaona nafasi ipo, zote zinaandika, zote zinaongeza, na `jumla` inakuwa 65. Tangu hapo haitalingana na 64 kamwe mpaka uzi wa tatu uje kuichukua, na katikati yake rekodi zinaandikwa nje ya foleni, juu ya kumbukumbu ya kitu kingine kabisa. Siku hiyo programu inaanguka mahali pasipohusika hata kidogo na mizani.

Sasa linganisha na muteksi. Kosa lilelile, mstari uleule uliozidi, lakini muteksi imeombwa kukagua:

```c
pthread_mutexattr_t a;
pthread_mutexattr_init(&a);
pthread_mutexattr_settype(&a, PTHREAD_MUTEX_ERRORCHECK);
pthread_mutex_init(&m, &a);
```

Foleni ikijaa, `pthread_mutex_unlock` ya kwanza inafanikiwa. Ya pili inarudisha `EPERM`, kwa sababu uzi unaoiita si mwenyewe tena. Ukiwa umeandika kwamba programu isimame kila thamani inayorudishwa isipokuwa sifuri, utaliona kosa mara ya kwanza kabisa foleni inapojaa, kwenye mstari wenyewe, si baada ya wiki mbili za kugombana na fundi wa mizani. Semafori haiwezi kukupa jibu hilo, na si kwa sababu imetengenezwa vibaya. Kwake `sem_post` ya pili si kosa. Huenda wewe ni mtu wa stesheni unayetangaza kwamba kuna nafasi nyingine. Haina njia ya kujua kwamba hukumaanisha hivyo.

Niwe mkweli hapa, usije ukaenda kwa kijana na hoja iliyozidi kipimo. Muteksi ya kawaida, isiyoombwa kukagua, haikuahidi kitu. Kuifungua wakati si yako ni jambo ambalo kiwango cha POSIX kinaliacha bila matokeo yaliyoainishwa, na kwenye Linux mara nyingi itapita kimya. Inaweza hata kumfungulia mlango mtu wa tatu wakati mwingine yumo ndani. Ila haikusanyi namba. Kufuli lililofunguliwa mara mbili ni kufuli lililo wazi tu, halitaruhusu wawili siku zote kama semafori iliyofika 2. Pia zana za ukaguzi zinaielewa. Ukijenga programu kwa `-fsanitize=thread`, au ukiiendesha ndani ya Helgrind, zana itakuambia kwamba muteksi imefunguliwa na asiyeishika. Kwa semafori zana hizo hazina haki ya kulalamika juu ya mstari huo.

Kosa la upande wa pili nalo lipo, nalo ni la kawaida zaidi: mtu anatoka katikati ya kazi kwa `return` na kusahau kufungua. Hapo semafori na muteksi zote zinakwama, kila mtu amelala. Tofauti inakuja unapotafuta mkosaji. Ukiingia na `gdb` kwenye programu iliyokwama na kuandika `thread apply all bt`, utaona nyuzi zote zimesimama ndani ya `sem_wait`, na hakuna popote palipoandikwa nani aliondoka na ile moja. Kwa muteksi ya glibc unaandika:

```
p m.__data.__owner
```

na unapata namba ya uzi ulioishika, ile inayoonekana pembeni ya LWP katika `info threads`. Mwenyewe ana jina. Nimekaa usiku mzima nikitafuta kitu ambacho amri hiyo moja ingenipa kwa sekunde, kwa sababu tu mtu alichagua semafori.

Kuna matokeo mengine ya umiliki ambayo huenda hayawahusu leo, lakini kijana akiendelea na kazi hii atakutana nayo. Chombo cha Mars Pathfinder kilitua Mirihi tarehe 4 Julai 1997, na siku chache baadaye kompyuta yake ikaanza kujiwasha upya yenyewe. Ndani yake kazi ziligawanywa kwa vipaumbele. Kazi ya juu ilisimamia njia ya data inayounganisha sehemu za chombo, kazi ya chini ilikusanya habari za hali ya hewa, na katikati palikuwa na kazi nyingine, zikiwemo za mawasiliano. Kazi ya hali ya hewa ilishika muteksi, kazi ya juu ikaihitaji muteksi hiyohiyo, ikalala kuingoja. Hapo kazi za katikati zikaamka. Zilikuwa na kipaumbele kuliko ile ya hali ya hewa, basi zikaisukuma kando, na ile ya hali ya hewa ikakosa muda wa kumaliza na kufungua. Kwa hiyo kazi ya juu kabisa ikawa inawangoja wa katikati bila kuwahusu, mpaka mlinzi wa mfumo alipoona imechelewa mno akawasha kompyuta upya.

Dawa ilikuwa kuiambia muteksi ile imwazime mwenyewe kipaumbele cha anayemngoja, ili amalize upesi na kutoka. Katika mfumo endeshi wa VxWorks uliotumika, uwezo huo ulikuwepo tayari ila ulikuwa umezimwa kwa muteksi ile. Wahandisi walirudia tatizo kwenye maabara yao hapa duniani, wakatuma badiliko mpaka Mirihi na kuuwasha. Sasa kijana ajiulize: kama pale pangekuwa na semafori ya moja, kipaumbele kingeazimwa nani? Namba ni sifuri, kuna anayengoja, lakini mfumo haujui ni nani atakayeongeza. Hakuna wa kumpa. Kwenye Linux uwezo huo unaombwa kwa `PTHREAD_PRIO_INHERIT` na unahusu muteksi peke yake. Kama nyuzi zenu hazijapewa vipaumbele vya wakati halisi, yaani hamtumii `SCHED_FIFO` wala `SCHED_RR`, jambo hili lisiwanyime usingizi.

Mpaka hapa ni kana kwamba naitukana semafori, nami siitukani. Kipo kitu ambacho muteksi haiwezi kukifanya kabisa, na hapo utaona kwamba hazibadilishani kwa upande wowote. Ule uzi wa tatu, unaohifadhi, unajuaje kwamba kuna usomaji mpya? Mtu anataka kulala mpaka mwingine amwamshe. Ukijaribu kwa muteksi, itabidi uzi wa tatu ufunge na uzi wa mizani ufungue, na huko ni kufungua kufuli la mwenzio, jambo lililokatazwa. Semafori inayoanza na 0 ndiyo inayofaa. Anayeweka anaita `sem_post`, anayechukua anaita `sem_wait`, na kama usomaji tano umeingia wakati hayupo, namba ni 5 na hakuna taarifa iliyopotea. `sem_post` imeruhusiwa pia kuitwa ndani ya kishughulikia ishara, ile kazi inayokatiza programu `SIGTERM` inapofika. `pthread_mutex_unlock` haijaruhusiwa huko.

Kwa hiyo katika programu kama yenu vyote viwili vina mahali pake, kila kimoja na kazi yake. Muteksi inalinda foleni, semafori inahesabu rekodi zilizomo:

```c
pthread_mutex_lock(&m);
int imewekwa = 0;
if (jumla < 64) {
    foleni[jumla++] = *r;
    imewekwa = 1;
}
pthread_mutex_unlock(&m);
if (imewekwa)
    sem_post(&zilizopo);
```

Umeona nimeandika `jumla < 64`, si `==`. Na upande wa anayechukua, nimeandika achukue rekodi moja kwa kila hesabu, ile ya zamani zaidi, badala ya kuzoa zote, ili namba ya semafori na vilivyomo ndani ya foleni visiachane:

```c
sem_wait(&zilizopo);
pthread_mutex_lock(&m);
r = foleni[0];
jumla--;
memmove(&foleni[0], &foleni[1], jumla * sizeof r);
pthread_mutex_unlock(&m);
```

Mpangilio wa mistari miwili ya kwanza ni wa lazima. Ukiigeuza, yaani ufunge muteksi kwanza kisha ungoje semafori, uzi utalala huku umeshika ufunguo wa foleni. Anayetaka kuweka rekodi hawezi kuingia, na kwa kuwa hawezi kuingia, semafori haitaongezeka, na aliyelala hataamka. Programu imekwama mpaka mtu aiue. Nimeona watu wakiulaumu mtandao kwa mkwamo huo.

Kijana huenda akaleta hoja ya kasi, kwamba semafori ni nyepesi. Kwenye Linux zote mbili zimejengwa juu ya `futex`, na zikikuta njia iko wazi hazihitaji hata kuingia kwenye kiini cha mfumo. Kwa programu inayopokea usomaji 20 kwa sekunde hutaona tofauti yoyote inayopimika, na sitakuongopea kwamba muteksi ina kasi zaidi ili nikupe ushindi.

Sasa la kufanya. Njia ya kwanza ni kurudisha msimbo wa zamani wote kama ulivyokuwa, na ni njia salama, ila kijana hatajifunza kitu na nyinyi hamtajua kama msimbo wa zamani nao ulikuwa na mstari uliozidi. Njia ya pili ni kuziacha semafori zake na kuzikagua moja moja. Inawezekana, na kwa programu ndogo ya kurasa chache si dhambi, lakini mtakuwa mnabeba kwa macho kazi ambayo muteksi ingewabebea, na atakayeigusa programu mwaka ujao hatajua mlichoahidiana. Ninayoipendelea ni ya tatu. Kaeni wawili, mwandike `grep -n "sem_" *.c`, na kwa kila semafori mwulize: anayeongeza ni uzi uleule uliopunguza? Ikiwa ndiyo siku zote, hiyo ilikuwa muteksi, irudishwe iwe muteksi yenye `PTHREAD_MUTEX_ERRORCHECK`. Ikiwa anayeongeza ni mwingine, hiyo ni semafori kwelikweli, muiache. Ikiwa inaanza na namba kubwa kuliko moja, mathalani miunganisho mitatu ya hifadhidata inayogawanwa na nyuzi kumi, hiyo nayo ni semafori na hapo kijana amechagua vizuri, mwambie hivyo.

Kabla hamjabadilisha chochote, pima kwanza programu inayoendesha kazi sasa hivi. Ongeza mahali pamoja, labda mara moja kila dakika:

```c
int v;
sem_getvalue(&s, &v);
if (v > 1)
    fprintf(stderr, "semafori = %d\n", v);
```

Semafori inayotumika kama kufuli haitakiwi kuzidi 1 hata mara moja. Ukiona 2, ule mlango umeshafunguka kwa wawili, na unajua kwamba kuna njia fulani katika msimbo inayofungua mara mbili. Kutoiona hakuthibitishi usalama. Kule yadini ingeweza kukaa siku nyingi ikisoma 0 na 1, mpaka asubuhi moja mtandao uchelewe sekunde nne. Basi uchelewesheni wenyewe kwenye majaribio: wekeni `sleep(5)` ndani ya uzi unaohifadhi, foleni ijae, kisha msome `v`. Jaribio hilo la dakika tano lina thamani kuliko mabishano ya wiki, na mwachie kijana aliandike yeye.

Ukikuta namba imezidi kwenye mfumo ambao tayari unatoa karatasi za uzito kwa wateja, hapo usitosheke na jibu la kusoma kama hili. Uzito ule una pesa za watu ndani yake, na rekodi zilizokwisha kuharibika hazitajirekebisha kwa kurekebisha msimbo. Mwite mtu anayejua programu za nyuzi nyingi, aje akae nanyi hapohapo kwenye mizani, na kumbukumbu za programu na za hifadhidata zikiwa mbele yake, mtafute tangu lini namba ilipanda na ni malori gani yaliyopita baada ya hapo. Programu isiwashwe upya kabla hajafika, maana ikiwashwa upya semafori inarudi 1 na ushahidi wa namba ile unapotea. Kama lazima iwashwe, chukueni kwanza nakala ya kumbukumbu yake kwa `gcore` mkiipa namba ya mchakato, na muiweke kando.